Kijana Anaamka Saa Ngapi? Swali Ambalo Mjadala wa Kengele Unalikwepa

Ukitaja tu kwamba shule za sekondari zianze baadaye kidogo asubuhi, hatakosekana mtu wa kukukumbusha kuwa enzi zake waliamka saa kumi alfajiri, wakakimbia mchakamchaka, wakafagia uwanja na kumwagilia bustani, na bado wakafaulu. Sitabishana naye, kwa sababu wale waliofeli hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Hoja yake ya pili ndiyo inayostahili jibu: kwamba kijana ukimwongezea saa moja asubuhi, ataihamishia usiku kwenye simu, na mwisho wa siku atakuwa amelala kiasi kile kile. Hilo ni dai linaloweza kupimwa, na limepimwa.

Kipimo ninachokiamini zaidi kilifanyika Seattle, jimbo la Washington, Marekani. Shule nyingi za sekondari za umma za jiji hilo zilikuwa zikianza saa 1:50 asubuhi. Muhula uliofunguliwa mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 2016, kengele ikasogezwa hadi saa 2:45. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Horacio de la Iglesia, na wenzake waliona mapema kuwa nafasi kama hiyo haijirudii. Wakaenda katika shule mbili, Roosevelt na Franklin, kabla ya mabadiliko, wakawavisha wanafunzi wa somo la baiolojia kifaa kama saa ya mkononi kinachorekodi mwendo wa mkono na mwanga, usiku na mchana, kwa wiki mbili. Mwaka uliofuata, majira yale yale, walirudi katika shule zile zile, madarasa ya somo lile lile, wakarudia zoezi. Kila mwaka walipata wanafunzi wapatao tisini, wengi wao wa miaka 15 na 16.

Kifaa hicho ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Tafiti nyingi za usingizi wa wanafunzi huwauliza wenyewe wamelala saa ngapi, na mtu yeyote aliyewahi kumuuliza kijana swali hilo anajua jibu lake lina thamani gani. Mkono uliolala haudanganyi kirahisi.

Matokeo yalikuwa haya. Kabla ya kengele kusogezwa, mwanafunzi wa katikati alilala kwa muda wa saa 6 na dakika 50 usiku wa kuamkia siku ya shule. Baada ya hapo alilala kwa muda wa saa 7 na dakika 24. Nyongeza ni dakika 34. Muda wa kuingia usingizini haukubadilika kwa kiasi ambacho takwimu zingeweza kukitofautisha na bahati nasibu. Kwa maneno mengine, waliendelea kulala saa zile zile za usiku na wakaamka baadaye. Wikendi, ambako hakuna kengele, usingizi wao ulibaki kama ulivyokuwa, kwa hiyo pengo kati ya siku za shule na za mapumziko likapungua.

Mzee wetu wa barazani anaweza kusema, dakika 55 zimetolewa na zimelala dakika 34 tu, nyingine zimeliwa. Ni kweli, na sioni aibu ndani yake. Lakini dai lake lilikuwa kwamba zote zitaliwa, na hilo halikutokea.

Kwa nini halikutokea? Hapa inabidi tuingie kidogo ndani ya mwili. Usingizi unaongozwa na nguvu mbili zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza ni uchovu unaojilimbikiza tangu unapoamka: kadiri unavyokaa macho ndivyo unavyozidi kuelemewa. Ya pili ni saa ya mwili iliyoko ubongoni, ambayo huamua mwili uhesabu usiku wake kuanzia wakati gani. Alama yake inayopimika vizuri ni homoni ya melatonini, ambayo huanza kupanda jioni na unaweza kuipata kwenye mate. Mtoto akishaingia balehe, nguvu zote mbili hubadilika kwa pamoja. Uchovu hujilimbikiza taratibu zaidi, kwa hiyo saa nne usiku bado hajaelemewa kama mdogo wake wa miaka tisa. Na melatonini huanza kupanda baadaye. Mchelewo huu huendelea mwaka hadi mwaka mpaka karibu na umri wa miaka 20, kisha mwelekeo unageuka na mtu anaanza tena kurudi upande wa mapema. Wasichana hufika kilele hicho kabla ya wavulana. Mabadiliko ya aina hii yameonekana hata kwa wanyama kadhaa wanapobalehe, akiwemo panya, ambaye tunaweza kukubaliana kwamba hana kifurushi cha intaneti.

Kinachowapotosha wazazi ni kudhani kwamba kijana anayechelewa kulala anahitaji usingizi mchache. Mtafiti wa usingizi Mary Carskadon alilichunguza hilo katika miaka ya 1970, kwenye kambi ya kiangazi Chuo Kikuu cha Stanford. Watoto waliruhusiwa kukaa kitandani kwa muda wa saa 10 kila usiku, na walirudi mwaka baada ya mwaka huku wakikua. Matarajio yalikuwa kwamba wakubwa watapunguza usingizi. Hawakupunguza: waliendelea kulala zaidi ya saa 9, wadogo kwa wakubwa. Zaidi ya hapo, waliofika katikati ya balehe walisinzia mchana zaidi kuliko wadogo zao, ingawa walilala kiasi hicho hicho. Hitaji limebaki pale pale, mlango wa kuingilia ndio umesogea mbele. Mlango wa kutokea ukibaki palipokuwepo, kinachokatwa ni usingizi wenyewe.

Miaka mingi baadaye, akiwa jimbo la Rhode Island, Carskadon aliwafuatilia wanafunzi waliokuwa wanahama kutoka shule iliyoanza saa 2:25 asubuhi kwenda shule ya ngazi ya juu iliyoanza saa 1:20. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1998. Ingetegemewa kwamba watoto wenye nidhamu watajirekebisha kwa kulala mapema. Hawakulala mapema, waliamka mapema tu. Kisha akawapima maabara: saa 2:30 asubuhi, wakati ambao shuleni wangekuwa darasani zaidi ya saa nzima, aliwalaza kwenye chumba chenye giza wakiwa na waya kichwani zinazosoma ubongo. Kwa kawaida mtu anayelala huchukua kama saa moja na nusu kufika kwenye usingizi wa ndoto. Karibu nusu ya vijana wale waliingia kwenye usingizi huo ndani ya dakika chache, jambo ambalo madaktari huliona kwa wagonjwa wa narkolepsia, maradhi ya kusinzia ghafla. Hawakuwa wagonjwa. Miili yao ilikuwa bado katika usiku wake, na melatonini yao ilianza kupanda jioni baadaye zaidi kuliko ya wenzao ambao hawakuonyesha dalili hiyo.

Simu ina sehemu yake, sitaki kuificha. Mwanga wa usiku huisukuma saa ya mwili mbele, na hata balbu ya kawaida inatosha. De la Iglesia yule yule alifanya kazi na jamii za Watoba-Qomu huko Ajentina, watu wa asili moja, baadhi wakiwa na umeme na wengine hawana. Wenye umeme walilala kwa muda mfupi zaidi, kwa tofauti iliyokaribia saa nzima katika majira ya baridi. Kwa hiyo mzazi anayechukua simu saa tatu usiku anafanya jambo la maana. Ila anaondoa sehemu iliyoongezwa juu ya mchelewo wa balehe, na mchelewo wenyewe unabaki.

Nikirudi Seattle, kuna matokeo mawili mengine yaliyosambaa sana magazetini, na hapo napunguza mwendo. La kwanza ni alama za baiolojia, ambazo zilikuwa juu kwa asilimia 4.5 kwa kundi la mwaka 2017. Wanafunzi wa mwaka wa pili hawakuwa wale wa mwaka wa kwanza. Hapakuwa na shule ya kulinganisha ambayo kengele yake haikuguswa. Na walimu waliotoa alama walijua vizuri kuwa muda umebadilika. Mimi nisingejenga sera juu ya asilimia hizo. La pili ni mahudhurio. Franklin, shule yenye wanafunzi wengi zaidi wa familia za kipato cha chini, utoro na uchelewaji vilipungua hadi kukaribia hali ya Roosevelt, ambako hapakuwa na badiliko. Hili naliamini zaidi, kwa sababu lina njia inayoeleweka: familia yenye gari na mtu mzima nyumbani asubuhi humfikisha mtoto shuleni hata akiwa nusu amelala, familia isiyo navyo haina cha kuziba pengo hilo.

Kuhusu alama kwa jumla, ushahidi haukubaliani na wanaharakati wa pande zote mbili. Utafiti wenye nguvu zaidi unatoka kwenye Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani, ambako wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupangiwa ratiba bila kuchagua, mitihani ni ya pamoja na mahudhurio ni amri. Watafiti watatu walionyesha mwaka 2011 kwamba waliopangiwa somo la kwanza kabla ya saa 2 asubuhi walifanya vibaya zaidi, na si katika somo hilo peke yake bali katika masomo yao ya siku nzima. Mwaka huo huo mchumi mwingine alitazama eneo la Minneapolis, ambako shule za mjini zilikuwa zimesogeza kengele tangu mwaka 1997 kutoka saa 1:15 hadi saa 2:40, na hakuona athari yoyote kwenye mtihani wa kuingilia vyuo. Nadhani kosa ni kuuza asubuhi ya baadaye kwa bei ya divisheni. Anayeahidi ufaulu ataumbuliwa na mtihani wa kwanza utakaofuata. Kinachoahidika ni usingizi, na usingizi wa mtoto ni jambo la kutosha kutetewa kwa lenyewe.

Hata usingizi huo una kuvuja. Shule moja ya wasichana nchini Singapoo, Nanyang, ilisogeza mwanzo wa siku mwaka 2016 kutoka saa 1:30 hadi saa 2:15, yaani dakika 45. Baada ya mwezi mmoja wanafunzi walikuwa wamepata dakika 23 zaidi kitandani. Baada ya miezi tisa nyongeza hiyo ya kitandani ilikuwa bado ipo, lakini usingizi wenyewe, ukipimwa kwa kifaa cha mkononi, ulikuwa umeongezeka kwa dakika 10 tu. Naitaja kwa sababu Singapoo inafanana nasi kuliko Seattle inavyofanana: mtihani ndio unaotawala nyumba, kazi za ziada na masomo ya ziada hujaza jioni, na mzazi humwona mtoto aliyelala saa tatu usiku kama aliyeacha kazi njiani. Kengele ikisogezwa bila kuigusa jioni, jioni hupanuka. Walibaki na faida, lakini ndogo kuliko dakika 45 zilizotolewa.

Sasa tuje kwetu, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kunakili sheria ya Kalifonia neno kwa neno. Sheria ile, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inazuia sekondari za juu kuanza kabla ya saa 2:30 asubuhi. Inafanya kazi kwa dhana moja isiyosemwa: kwamba mtoto huamka muda mfupi kabla ya kengele, kwa hiyo ukiisogeza kengele umesogeza kuamka. Kwetu kamba inayounganisha vitu hivyo viwili ni ndefu sana, na mara nyingi imekatika.

Chukulia mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeishi Chanika na kusoma shule ya kutwa iliyo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Vipindi vinaanza saa 1:30, lakini yeye anatakiwa awepo mapema kwa usafi na paredi, tuseme saa 1 kamili. Daladala inachukua saa moja na nusu siku njema, na kondakta hapendi sare za shule kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo, kwa hiyo lazima aweke akiba ya nusu saa ya kukataliwa. Hapo tumefika saa 11 alfajiri kituoni, na kuamka ni saa 10:30. Kama saa ya mwili wake inamruhusu kusinzia saa 5 usiku, amebakiwa na saa 5 na nusu, na mapendekezo ya madaktari wa usingizi kwa umri wa miaka 13 hadi 18 ni saa 8 hadi 10. Ukisogeza vipindi hadi saa 2:30 na ukaacha usafi na paredi vitanuke vijaze nafasi, hujampa kitu. Ukisogeza vyote, bado anaingia barabarani wakati foleni imekomaa, na sehemu ya ile saa itaishia kwenye siti, au amesimama mlangoni. Anayefanya hesabu ya Dar bila daladala anafanya hesabu ya Seattle.

Bwenini mambo ni rahisi zaidi kurekebisha, na ndiyo maana yananiudhi zaidi. Hakuna basi, hakuna foleni. Kuna kengele na mtu anayeigonga. Kenya ina kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 ambazo zinaweka vipindi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na kwa shule za bweni zinaacha usiku, kuanzia saa 3:30 hadi saa 12 asubuhi, uwe wa kulala. Hizo ni saa 8 na nusu kwenye karatasi. Muulize mwanafunzi yeyote wa bweni, Kenya au Tanzania, prepo ya asubuhi inaanza saa ngapi. Saa 11 ni jibu la kawaida, na wengine watakutajia saa 10. Prepo ya usiku nayo haiishi saa 3:30. Hapa hatuhitaji sheria mpya. Tunahitaji iliyopo isomwe na walimu wakuu.

Kuna jambo moja kuhusu prepo ya alfajiri ambalo wanaoitetea hawalijui, na wengi wa wanaoipinga pia hawalijui. Mwanga wa asubuhi husaidia kuirudisha nyuma saa ya mwili, ili mtu asinzie mapema usiku unaofuata. Lakini si mwanga wa wakati wowote. Mwili una sehemu ya chini kabisa ya usiku wake, ambapo joto lake hushuka kuliko wakati mwingine wote, na kwa kawaida hiyo hutokea saa mbili hivi kabla ya muda ambao mtu angeamka mwenyewe bila kuitwa. Mwanga unaokuja baada ya sehemu hiyo huvuta saa ya mwili upande wa mapema. Unaokuja kabla yake huisukuma upande wa kuchelewa, kana kwamba mwili umehesabu kuwa jioni bado inaendelea. Kijana ambaye likizo huamka mwenyewe saa 2 asubuhi, sehemu yake ya chini iko karibu na saa 12. Ukimkalisha chini ya taa kali saa 11 alfajiri, inawezekana kabisa unazidisha lile tatizo unalodhani unalitibu kwa nidhamu. Kwetu jua huchomoza karibu na saa 12 mwaka mzima. Dar es Salaam hutofautiana kwa chini ya saa moja kati ya Novemba na Julai. Kwa hiyo mwanga wa kufaa upo, wa bure, kuanzia saa 1 na kuendelea. Paredi ya nje wakati huo ina faida ambayo prepo ya saa 11 haina.

Wasomaji wa pwani wataniuliza kuhusu swala ya Alfajiri. Kuamka kuswali na kurudi kulala ni jambo ambalo familia nyingi zimelifanya vizazi kwa vizazi. Kinachozuia kurudi kulala ni shule.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwalimu mkuu wa bweni ni dogo kuliko la Kalifonia. Afute prepo ya alfajiri kwa muhula mmoja, kengele ya kuamka igongwe saa 12, taa za bweni zizimwe saa 4 usiku. Pasipo na vifaa vya mkononi vya Seattle, kuna njia ya kupima inayohitaji daftari tu: kwa wiki mbili kila mwanafunzi aandike asubuhi saa aliyolala na saa aliyoamka, siku za vipindi na Jumapili ambayo hakuna anayewaamsha, mara moja kabla ya badiliko na mara moja mwishoni mwa muhula. Daftari si kifaa, na kwenye saa ya kulala watapamba. Lakini saa ya kuamka Jumapili haina sababu ya kudanganywa. Kama Jumapili wanalala saa mbili au tatu zaidi ya Jumatano, wana deni. Pengo hilo likipungua mwishoni mwa muhula, badiliko limefanya kazi. Lisipopungua, hatua inayofuata ni kuangalia prepo ya usiku inaisha saa ngapi hasa, na si saa ngapi kwenye ratiba iliyobandikwa ofisini.